Beti Zisizoshikana Mikono: Utunzi wa Ghazali kwa Kiswahili

Mtunzi wa mashairi ya Kiswahili aliyelelewa katika arudhi ya jadi huanza kazi akiwa na jambo moja kichwani, na jambo hilo hulisukuma kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ubeti wa pili huufafanua wa kwanza, wa tatu hutoa mfano, na wa mwisho hufunga kwa usia au kwa dua. Ghazali haimruhusu mtunzi huyo kufanya hivyo. Kila ubeti wake ni wa mishororo miwili tu, nao hauna budi kujitosheleza kwa maana, hata ukitolewa peke yake ukasomewa mtu asiyezijua beti nyingine aupate wote. Umoja wa utungo hautokani na hoja inayopanda daraja kwa daraja. Hutokana na sauti inayorejea, na jina la mtunzi linalotajwa mwishoni. Swali linalostahili kuulizwa ni kama umbo la namna hii linaweza kutungwa kwa Kiswahili likabaki ghazali, au litageuka kuwa tathnia ya kawaida iliyovikwa jina geni.

Kanuni zenyewe si nyingi. Jina ghazali lina asili ya Kiarabu, lakini umbo linalozungumziwa hapa lilikomaa katika Kiajemi, ambako Hafiz wa Shiraz alilifikisha kileleni katika karne ya 14, kisha likashamiri katika Kiurdu, ambako Mirza Ghalib (1797–1869) ndiye anayetajwa zaidi. Ubeti wa kwanza huitwa matilaa. Mishororo yake yote miwili huishia kwa neno au fungu la maneno lisilobadilika, liitwalo radifu, na kabla tu ya radifu hutangulia neno lenye kina, yaani kafia. Katika beti zinazofuata mshororo wa kwanza huwa huru, na wa pili pekee ndio unaobeba kafia na radifu. Ubeti wa mwisho ni maktaa, na humo mtunzi hujitaja kwa takhalusi yake, yaani jina lake la utunzi. Beti hazipungui tano kwa desturi. Jambo moja tu haliwezi kuhamishwa moja kwa moja: bahari za Kiajemi na Kiurdu hupimwa kwa silabi ndefu na fupi, na Kiswahili hakina tofauti hiyo. Badala yake mtunzi hutumia mizani, na iliyo karibu zaidi na sikio la Mswahili ni ile ya shairi, mizani 16 iliyogawanyika nane kwa nane.

Mtu anaweza kudhani kwamba radifu ni kibwagizo kwa jina jingine. Sivyo. Kibwagizo ni mshororo mzima uliokamilika kwa maana, ambao waitikiaji huweza kuupokea bila kujali ubeti ulisema nini. Radifu ni kijineno kisichoweza kusimama bila sentensi iliyotangulia, na kila ubeti hukipa kazi mpya ya kisarufi au ya kimaana. Katika mushaira, yaani baraza la washairi wa Kiurdu, mtunzi huusoma mshororo wa kwanza, na pengine huurudia ili kuwaweka watu roho juu. Anapouanza wa pili wasikilizaji hutega sikio, na pindi kafia inapotamkwa wao huwa wamekwisha kuijua radifu, wakaitamka pamoja naye. Furaha yao haitokani na kusikia neno lile lile tena. Hutokana na kuona limefikiwa kwa njia ambayo hawakuitazamia.

Hebu achukuliwe mtunzi mmoja wa pwani ambaye takhalusi yake ni Mgeni. Alifiwa na mama yake, akataka kumwombolezea kwa ghazali. Radifu aliyoichagua ni neno bado. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa neno hilo lina nyuso mbili zinazopingana. Likifuata kitendo kinachoendelea, humaanisha kwamba jambo halijakoma. Likifuata kikanushi chenye -ja-, humaanisha kwamba jambo halijaanza. Mfiwa huishi katikati ya maana hizo mbili: yaliyopita hayajamwacha, na yajayo hayajamfikia. Lau angechagua radifu yenye maana moja nzito, mathalani neno kifo au neno machozi, kila ubeti ungelazimika kuwa msiba, na ghazali ingekuwa kilio cha namna moja kilichokatwakatwa vipande.

Ugumu wa kwanza ulimkuta kwenye kafia. Katika shairi la Kiswahili kina ni silabi moja ya mwisho, na kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi, kilichochapishwa mwaka 1954, kiliwazoesha watunzi wengi kuhesabu hivyo. Kina cha silabi moja hutosha katika shairi kwa sababu kipo mwisho wa kipande, na kituo kinachofuata hukipa sikio nafasi ya kukishika. Katika ghazali kina hakipo mwisho. Hufuatwa papo hapo na radifu pasipo kituo. Isitoshe, mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo silabi ya mwisho ndiyo dhaifu. Mgeni alianza kwa kina cha -ka, akaandika hajafika bado, kisha mashuka bado, kisha ameweka bado. Kwa jicho vina vilikuwepo, ila alipoyasoma kwa sauti vilizama ndani ya radifu kama punje ya chumvi majini. Kwa hiyo kafia ya Kiswahili, ikiwa itasikika, haina budi kuanzia kwenye irabu yenye mkazo: si -da pekee bali -anda, kama katika kitanda, sanda na panda.

Baadhi ya watunzi wangeshawishika kukimbilia viambishi, maana Kiswahili kina hazina isiyokwisha ya maneno yaishiayo -ani kwa mahali, -ana kwa kutendana, na -iwa kwa kutendwa. Wahakiki wa Kiajemi na wa Kiurdu huihesabu kafia inayotegemea kiambishi kile kile kuwa ni ila, na hukumu hiyo inafaa zaidi kwa Kiswahili. Nyumbani na shambani hazina vina viwili vilivyokutana. Ni kiambishi kimoja kilichojirudia, na msikilizaji huhisi urahisi huo hata asipoweza kuueleza. Mwisho wa -anda una maneno machache, lakini mengi yake ni mashina yasiyo na udugu, na uchache huo ndio unaomlazimisha mtunzi afike mahali ambapo hakukusudia kwenda.

Matilaa yake ya kwanza ilikuwa hivi:

Mlango umeshafungwa, kitupu kitanda bado;
Mvua imeshanyamaza, na wingu latanda bado.

Mizani imetimia na picha ni safi, lakini ubeti una kasoro kubwa. Matilaa ndiyo inayomtangazia msikilizaji kafia ni ipi, na sikio huchukua sauti zote zinazolingana. Kitanda na latanda zinalingana kuanzia herufi t. Maana yake ni kwamba mtunzi amejifunga kwa -tanda, na maneno ya mwisho huo hayazidi vidole vya mkono mmoja. Mbaya zaidi, kitanda chenyewe ni kitu kilichotandwa, yaani ni tawi la kitenzi tanda, kwa hiyo neno limetiwa kina na mzazi wake. Akiendelea katika ubeti wa pili na sanda au panda, msikilizaji atahisi ahadi imevunjwa. Marekebisho yalihitaji neno moja tu lenye shina jingine:

Mlango umeshafungwa, kitupu kitanda bado;
Mvua imeshanyamaza, na tope laganda bado.

Sasa kinachofanana ni -anda peke yake, na mtunzi ana uwanja. Kimaana pia ubeti umefaidika. Wingu likitanda baada ya mvua ni jambo la angani. Tope lililoganda liko miguuni mwa waliotoka makaburini, ingawa makaburi hayakutajwa. Kitanda nacho si kitupu tu. Ni kitupu bado, kana kwamba kuna anayengojewa. Hapo radifu inafanya kazi yake: likiondolewa neno bado, tarajio lile hutoweka.

Ugumu wa pili ulikuwa mkubwa zaidi, nao ndio unaoamua kama utungo ni ghazali au la. Baada ya matilaa, Mgeni aliandika ubeti huu:

Alikilalia juzi, akanena nasi pole;
Akafumba macho yake, na hatuna sanda bado.

Ukisomwa baada ya matilaa ubeti huu hugusa moyo. Ukisomwa peke yake haueleweki. Nani alilalia, na alilalia nini? Jibu limo katika ubeti uliotangulia, na limeingizwa humu na herufi chache: a- ya mama asiyetajwa, -ki- ya kitanda, na -ka- inayosema kwamba tendo hili limefuata tendo jingine. Katika lugha zinazotenga viwakilishi kuwa maneno kamili, utegemezi wa namna hii huonekana upesi. Katika Kiswahili hufichwa ndani ya kitenzi, na mtunzi huweza kuvusha hadithi nzima kutoka ubeti hadi ubeti pasipo kujua kwamba amefanya hivyo. Utenzi umeishi kwa nguvu ya -ka- kwa karne nyingi, na ndiyo inayoifanya masimulizi yake yatiririke. Katika ghazali kiambishi hicho ni ufa.

Jaribio lake ni rahisi. Kila ubeti uandikwe katika kikaratasi chake, kisha vya kati vichanganywe na kusomwa kwa mpangilio wowote, matilaa ikibaki mwanzoni na maktaa mwishoni. Palipo na kiambishi kisicho na nomino yake ndani ya mishororo ile ile miwili, ubeti umeegemea jirani. Mgeni alipoufanya mtihani huu, beti zake zilikubali mpangilio mmoja tu. Hakuwa ametunga ghazali. Alikuwa ametunga utenzi mfupi wa kifo cha mama.

Ilimwia vigumu kuziacha, kwa sababu ndizo zilizokuwa na habari ya kweli: siku, maneno ya mwisho, sanda iliyochelewa. Kuzifuta kulifanana na kumnyima marehemu haki yake. Njia aliyoipata hatimaye ilikuwa ni kuitoa sanda katika hadithi na kuitafutia mahali pengine pa kukaa. Aliipeleka dukani:

Arusi imepambika kwa hariri na kwa zari;
Dukani jora li moja, halijawa sanda bado.

Ubeti huu hauhitaji ubeti mwingine. Mshororo wa kwanza hufungua mlango wa furaha, na wa pili huufunga kwa ubaridi. Jora moja la kitambaa lililo rafuni halijui kama litakwenda arusini au mavani. Mama hatajwi, wala mfiwa hatajwi, lakini anayejua msiba wa mtunzi atausikia humo, na asiyejua atausikia wake mwenyewe. Ndiyo faida ya ubeti kujitegemea, kwamba huzuni haimilikiwi na kisa kimoja. Ndiyo hasara yake pia, kwa maana maneno ya mwisho ya mama hayakupata nafasi popote, na ghazali haikuwa na la kumfidia mtunzi kwa hilo. Aliyetaka kuyahifadhi angalipaswa kuandika utenzi.

Kwa njia hiyo hiyo zilipatikana beti nyingine mbili:

Fundi amekwenda zake, randa imo sandukuni;
Mti umekuwa meza, yaota maranda bado.

Njaa imekula mbegu, ghalani limo vumbi tu;
Masika yamewasili, mtu hajapanda bado.

Radifu ni ile ile lakini haijirudii. Katika ubeti wa fundi bado ni kumbukumbu isiyokubali kufa: mti uliogeuzwa meza ungali unauota unga wake. Katika ubeti wa njaa bado ni kuchelewa kunakoweza kuua. Kulikuwa na ubeti mwingine ambao mtunzi aliutupa, japo haukuwa na kosa la mizani wala la kina:

Jumba limekamilika, taa zawaka usiku;
Aliyebeba kokoto yumo kwenye banda bado.

Hoja yake ni ya haki, na msomaji angeikubali. Kasoro ni kwamba mshororo wa pili umekwisha kutabirika jumba linapotajwa. Kipimo cha radifu ni kuiondoa na kuona kinachopungua. Mtu asemapo yumo kwenye banda, amekwisha kusema karibu yote, na bado inafuata kama mkia tu. Halijawa sanda bila bado, au hajapanda bila bado, hupoteza ile kwamba siku yaja. Ubeti wenye radifu ya mkia huharibu zaidi ya nafasi yake, kwa sababu humzoesha msikilizaji kutolitazamia neno hilo kwa hamu.

Imebaki maktaa. Hapa mazoea ya Kiswahili husaidia na kupotosha kwa pamoja. Si jambo geni katika tenzi mtunzi kujitaja karibu na tamati, na shairi la gazetini aghalabu hufunga kwa kaditama na jina. Hata hivyo jina hilo husimama nje ya maudhui: kisa kimekwisha, sasa mwandishi anatia sahihi. Takhalusi haiko nje. Ni neno miongoni mwa maneno ya ubeti, na lazima ifanye kazi ya kimaana. Mtunzi hujiita kana kwamba anamwita mtu mwingine, akamwonya, akamcheka, au akamhurumia. Ndiyo maana takhalusi zilizodumu zina maana katika lugha: Ghalib ni mshindi, na Hafiz ni aliyehifadhi Kurani. Agha Shahid Ali (1949–2001), mzaliwa wa familia ya Kashmir aliyetunga kwa Kiingereza, alipenda kutumia neno Shahid katika maktaa zake, akicheza na maana yake ya shahidi kwa Kiarabu na ya mpendwa kwa Kiajemi.

Mgeni kwanza aliandika kaditama ya kawaida, yenye kuaga na kuomba radhi. Ilikuwa sahihi isiyo na ubeti. Aliporudi tena kwenye jina lake aliona kwamba lina ncha mbili, kwa kuwa ni jina la mtu na pia ni hali ya mtu asiye kwao. Akaandika:

Mgeni, wapiga hodi nyumba ulimozaliwa;
Jina limekwisha fika, miguu yaranda bado.

Asiyejua kwamba Mgeni ni takhalusi atausoma ubeti kama kitendawili kuhusu mgeni yeyote. Anayejua atamwona mtu ambaye, baada ya mama kufa, amekuwa mgeni nyumbani kwao. Maktaa hairudi nyuma kueleza beti zilizopita, wala haitoi funzo. Inaongeza jambo la mwisho, kwa namna ile ile ya zote: upande mmoja tendo limetimia, upande wa pili kuna kilichosalia.

Upo mtazamo kwamba utungo wa namna hii ni shanga zilizokatikiwa uzi. Walioanza kuutunga kwa Kiingereza waliona vivyo hivyo, wakafikia uamuzi tofauti. Adrienne Rich, alipotunga ghazali zake mwaka 1968 kwa kumwenzi Ghalib, aliacha radifu na kafia, akashika uhuru wa beti peke yake. Agha Shahid Ali alipinga desturi hiyo, na katika mkusanyo wa ghazali za Kiingereza aliouhariri mwaka 2000 alisisitiza kwamba uhuru wa beti hauna maana pasipo kifungo cha sauti. Kazi ya Mgeni inampa nguvu Shahid, tena kwa sababu ya kisarufi. Beti zake tano hazina mhusika mmoja wala tukio moja, na zile tatu za kati zaweza kupangwa kwa njia sita bila kuharibika. Lakini katika kila ubeti mna kitenzi chenye -me-, tendo lililokwisha: umefungwa, amekwenda, imekula, imepambika, limekwisha. Mtunzi hakulipanga hilo. Radifu ndiyo iliyolidai, kwa kuwa bado haina uzito mpaka kuwe na jambo jingine lililokwisha ili lipimwe nalo. Uzi uko, ila haupiti katika kisa. Unapita katika njeo.

Hapo ndipo mipaka ya umbo hili kwa Kiswahili inapojionyesha. Radifu iliyofunga beti tano kwa njeo moja ingeanza kuchosha katika ubeti wa tisa au wa kumi, kwa sababu sikio lingekwisha kuijua hila yake: tendo lililokwisha kwanza, bado baadaye. Mtunzi anayetaka ghazali ndefu zaidi atahitaji radifu inayokubali njeo nyingi, au atafute ubeti mmoja ambamo bado ni jibu la mtu, lililotamkwa peke yake mlangoni. Mgeni aliutafuta ubeti huo asiupate, akaishia kwenye tano.